Homa ya Ukoo wa Simoni

Chediel alilazwa kwa malaria, na wala hakuna aliyeogopa. Malaria watu wanaijua. Dada yake, Damari, alimpeleka hospitali mjini Singida kwa sababu homa ilikuwa imegoma kushuka, kisha akaketi pembeni ya kitanda akimpepea kwa upande wa khanga na kumtania kwamba mwalimu mzima analia mbele ya sindano.

Chediel alikuwa akicheka. Kicheko kikakatika katikati, macho yakageuka, mwili ukalegea. Damari alipiga kelele. Manesi walikuja mbio, mmoja akaanza kumkandamiza kifua, mwingine akavuta mashine yenye magurudumu. Damari alisukumwa nje ya pazia. Alisikia mtu akisema, "Kaeni mbali!" kisha kishindo kama cha mtu aliyeruka kitandani. Halafu, baada ya kimya alichokiona kirefu kupita msiba wowote aliokwisha kukaa, akasikia sauti ya mdogo wake ikilalamika kwamba kifua kinamuuma.

Kesho yake daktari aliwaita ofisini. Aliitwa Riya, binti wa ile familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa karibu na soko, na Kiswahili chake kilikuwa cha Singida kabisa. Aliweka mezani karatasi mbili za kipimo cha moyo.

"Hii ya kwanza tulipima homa ikiwa imepanda," alisema. "Tazama hapa. Mstari umeruka juu halafu unateremka kama nundu ya ng'ombe, mpaka unapita chini. Na hii ni ya leo asubuhi, homa imeshuka. Nundu karibu imepotea."

"Kwa hiyo amepona?" Damari aliuliza.

"Malaria inapona. Lakini moyo wake alizaliwa nao hivyo. Kwenye seli za moyo kuna milango midogo sana inayopitisha sodiamu, na umeme wa moyo huanzia hapo. Milango ya mwalimu ina hitilafu. Mwili ukiwa na joto la kawaida, inajitahidi. Homa ikipanda, inashindwa, na umeme unaweza kuvurugika. Jana moyo uliacha kupiga, ukawa unatetemeka tu. Ndiyo maana tukaushtua kwa mashine." Alivuta daftari na kalamu. "Ugonjwa huu hurithiwa. Kuna mtu kwenu aliyewahi kufa ghafla? Labda usingizini, labda akiwa na homa?"

Damari na Chediel walitazamana. Baba yao, Simoni, alilala na homa nyumbani Sepuka wao wakiwa bado wadogo. Jioni ile dada yake, shangazi Yasinta, alimpikia uji na kumnywesha kwa mkono wake. Asubuhi Simoni hakuamka. Kabla ya kaburi kukauka, kaka mkubwa wa Simoni na Yasinta, baba mkubwa Mughwai, alikwisha kutamka neno mbele ya waombolezaji: uji ule haukuwa mtupu. Yasinta alifungasha vitu vyake akahamia Mitundu. Hakurudi hata siku moja, na jina lake halikutajwa tena nyumbani.

Damari alisimulia yote hayo, akashangaa jinsi yalivyokuwa machache yakisemwa kwa sauti.

"Siwezi kumpima aliyekufa," daktari alisema taratibu. "Lakini kwa ninachokiona kwa mwanawe, inaelekea sana kwamba baba yenu alikuwa na moyo huu huu. Nataka kuwapima ndugu wote wa damu. Wewe, watoto wa Chediel, na ndugu wa baba walio hai. Wote."

Damari alipanda basi la Mitundu wiki ile ile. Alimkuta shangazi yake akianika mahindi uani, amekonda, mvi zimemjaa, lakini mikono ni ile ile mirefu.

"Shikamoo, shangazi."

Mama yule alimsogelea, akamtazama usoni. "Marahaba," akasema. "Wewe ni Damari. Una paji la Simoni."

Waliketi kwenye jamvi. Damari alieleza kila kitu, nundu ya ng'ombe na milango na homa. Yasinta hakulia. Aliendelea kuokota punje moja moja zilizoruka nje ya jamvi na kuzirudisha.

"Yaani aliondoka kwa homa," alisema mwishowe.

"Kwa homa, shangazi."

"Nilikuwa najua sikumfanya kitu. Lakini usiku mwingine nilijiuliza kama uji ulikuwa wa moto mno." Alijifuta mikono kwenye kitenge. "Ngoja nibadilishe nguo. Usije ukanipeleka mjini na vumbi la mahindi."

Siku ya kupimwa, Mughwai, ambaye Damari alikwisha kumweleza habari za homa ile, alikuwa wa kwanza kufika hospitalini, amevaa koti lake la kanisani. Alipomwona Yasinta akiingia na Damari, alisimama. Ni mzee, angeweza kukaa na kusubiri salamu. Alisimama.

"Shikamoo, kaka," Yasinta alisema.

"Marahaba." Alimsogelea. "Dada yangu, nilikosea. Niliumwa na kifo cha Simoni nikatafuta pa kukitupa, nikakutupia wewe. Nimekuja kukuomba msamaha mbele ya watoto."

Yasinta alikaa kwenye benchi. "Umechelewa, kaka," alisema. "Lakini umekuja. Kaa hapa karibu nami."

Walipimwa mmoja mmoja. Mughwai alikuwa salama kwa kipimo kile. Damari na watoto wa Chediel pia, ingawa daktari aliwaonya wasishangilie mapema: nundu hujificha, na kipimo kizuri leo si hati ya maisha. Alisema vipimo zaidi, cha damu na cha dawa maalumu inayoifichua nundu, vitafanyika Dar es Salaam. Hadi hapo, yeyote akipata homa ashushe joto mara moja kwa paracetamol na kuja kupimwa moyo homa ikiwa bado ipo. Na wasimeze dawa nyingine wala kuchomwa ganzi kabla ya kumwambia daktari habari za ukoo.

Kwa Yasinta, nesi alibandika vibandiko vya kipimo juu kidogo ya mahali pa kawaida, kama alivyoelekezwa afanye kwa wote. Karatasi ilipotoka, Damari aliiona mwenyewe kabla ya kuambiwa. Nundu ilikuwa pale.

"Shangazi hajawahi kuzirai?" daktari aliuliza.

"Sijawahi. Hata kwa njaa."

"Basi hatutakuwekea kifaa cha kushtua moyo. Kwa mtu kama wewe tunakinga homa na dawa mbaya, na tunaonana kila mara. Kwa mwalimu ni tofauti, moyo wake ulikwisha kusimama. Yeye atawekewa kifaa chini ya ngozi ya kifua, kikiona umeme umevurugika kinaushtua chenyewe."

Yasinta aliipokea karatasi yake akaitazama sana, kisha akamwonyesha kaka yake. "Ona, Mughwai. Miaka yote hii ulinihesabu si mtu wa kwetu."

Mzee alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na nesi akajifanya anatafuta kalamu.

Chediel alirudi kutoka Dar es Salaam na kovu dogo chini ya bega, akawa anawaruhusu wanafunzi wake kulitazama wakimaliza hesabu. Yasinta hakurudi Mitundu ila kufuata mahindi yake. Sasa anakaa kwa Damari, Mwankoko, na wawili hao wanagombana kila asubuhi kuhusu kuku, kwa sababu Yasinta anasema Damari anawapa pumba nyingi mno. Damari hubisha, ingawa mayai yameongezeka tangu shangazi ashike banda.