Pini kwenye Miwani ya Bibi

Skrubu ya mkono wa miwani yangu ilipodondoka, nilichomeka pini nikajiona fundi. Kila siku nilimgombeza mjukuu wangu asikimbie na kijiti, kisije kikamtoboa jicho. Leo nilipoinama kusali, pini ikanichoma kando ya jicho, na amina ikanitoka kabla ya dua.

Fundi wa miwani aliichomoa pini kwenye miwani kwa koleo. "Bibi, imekukosa jicho kidogo tu."

"Ilikuwa ya muda, mwanangu."

"Muda gani?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

Alitia skrubu mpya, akaikaza taratibu mpaka mkono ukaacha kucheza.

Nyumbani, mjukuu alinichungulia usoni. "Pini umemwachia fundi?"

"Nimemwachia."

"Basi na mimi kijiti nakitupa."