Mjibuni Farid Peke Yake

Jumatatu, Farid, karani wa ofisi yetu hapa Nyeri, alitutumia barua pepe sisi wafanyakazi wote mia moja themanini: mkutano ni Jumamosi, kwenye ukumbi wetu wa Othaya, asiyekula nyama amjibu. Kufikia saa nne, watu arobaini walikuwa wamemjibu kila mtu kwamba wao nyama wanakula. Wangui wa stoo alitueleza mpaka presha yake.

Nikashikwa na hasira. Nikawaandikia wote, kwa herufi kubwa: MJIBUNI FARID PEKE YAKE!

Pakawa kimya. Wiki nzima nilijiona shujaa.

Jumamosi tukafika Othaya, tukakuta harusi ndani ya ukumbi. Nikamfokea Moffat, mwenzetu anayeutunza: "Ati ulishindwa kutuambia?"

"Niliandika Jumanne, madam, kwamba ukumbi umeshakodishwa. Nilimjibu Farid peke yake."

Farid akatazama viatu vyake. Tangu presha ya Wangui, hakuwa amefungua jibu lolote.

"Lakini Moffat, hiyo ilituhusu sisi wote!"

"Hata mimi niliona hivyo," akasema. "Lakini wewe uliandika kwa herufi kubwa."