Chujio la Wifi Mwanamvua

Wifi yangu Mwanamvua anapenda usafi mpaka anakera. Sufuria ukiisugua ukajiona kwa ndani, yeye ataichukua aisugue tena mbele yako, tena huku anaguna. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye tuliyempa kazi ya kutunza uchafu. Jamani!

Mie na yeye tuna duka la udobi wa mashine hapa Bagamoyo, na kazi yetu karibu yote ni ya hoteli moja ya ufukweni. Meneja wa hoteli, Bi Nasrin, alituletea chujio lililonunuliwa na wafadhili wa kulinda bahari, fundi akalifunga kwenye mpira unaotoa maji machafu ya mashine. Bi Nasrin alitueleza vizuri, simnyimi haki yake. Yale mablanketi laini ya hoteli ni poliesta, yaani plastiki. Kila yakifuliwa yanapukutisha vinyuzi vidogo vidogo, vinatoka na maji hadi mtaroni, mtaro unamwaga kwenye mikoko, na huko kaa na samaki wanavila.

"Fueni kwa maji baridi," akasema, "mashine ijae vizuri, na msiizungushe muda mrefu. Nguo zisiposuguana sana hazipukutiki sana. Vinyuzi vikijaa kwenye chujio vikwangueni mtie kwenye chupa hii, visirudi kwenye maji. Mkiliacha likaziba, maji yatapita njia ya pembeni bila kuchujwa."

Chujio la pili alimpa Shuaibu, dobi mwenzetu wa mtaa wa nyuma, pamoja na nusu ya mablanketi. Mwisho wa mwezi angetukagua wote, na atakayemridhisha angechukua kazi yote ya hoteli. Sie tukiikosa hiyo, tunafunga mlango.

Siku ya ukaguzi naingia dukani, chujio linang'aa na chupa ni tupu, haina hata uzi wa dawa.

"Wifi, manyoya ya mablanketi yako wapi?"

"Manyoya gani? Ule utando? Nilikuwa nausuuza kila nikimaliza kufua. Mgeni aje akute uchafu kwetu? Aibu hiyo labda uiweze wewe, mie siiwezi."

"Ukisuuzia wapi?"

"Si hapo bombani. Maji yanakwenda zake mtaroni."

Mwezi mzima! Chujio linanasa nyuzi, Mwanamvua anazisindikiza mwenyewe baharini, kwa sabuni. Hasira zilinipanda hadi masikio yakawaka moto. Nikamwambia maneno ambayo kaka yangu akiyasikia atanisusia mwezi.

"Umemaliza?" akasema. "Basi kama yanatakiwa manyoya, manyoya yatapatikana."

Akachukua mablanketi mawili mapya ya rangi ya waridi, hayajawahi kuguswa na maji, maana mapya ndiyo yanayopukutika zaidi. Akayatia peke yake kwenye mashine, maji ya moto, mzunguko mrefu kuliko yote. Yakawa yanapigana mle ndani, bam bam, ukuta unatetemeka. Kila tulilokatazwa tulilifanya, tena kwa moyo mkunjufu. Tulipofungua chujio, loo! Limejaa manyoya ya waridi mpaka juu. Tukakwangua, tukashindilia kwenye chupa, tukarudia. Mara ya tatu chujio liliziba, maji yakapita njia yake ya pembeni, na mtaro nao ukaanza kugeuka waridi.

Bi Nasrin akaingia wakati huo huo. Tukaamkiana, akaiona chupa, akashika kifua.

"Masha Allah! Hii ndiyo kazi! Nimetoka kwa Shuaibu, kanionyesha kijiko kimoja. Mtu anafua mwezi mzima anapata kijiko! Si mzembe huyo?" Akatoa simu akaipiga chupa picha, upande huu, upande ule. "Mablanketi yote nawapa ninyi."

Nilipaswa kushangilia. Lakini nilimfikiria Shuaibu wa watu, na maji yake baridi, na mashine yake iliyojaa vizuri.

"Bi Nasrin," nikasema, "Shuaibu kapata kidogo kwa sababu anafua kama ulivyotufundisha. Haya yetu tumeyatengeneza leo, kwa maji ya moto. Ya mwezi mzima yalishakwenda baharini. Hata sasa yanakwenda, tazama mtaroni."

Mwanamvua alinifinya ubavuni mpaka nikaruka. Bi Nasrin hakutazama mtaroni. Alitazama simu yake iliyokuwa ikilia.

"Picha nimeshawatumia wafadhili," akasema taratibu. "Wameipenda sana. Mwezi ujao wanakuja wenyewe, na wanatarajia kuona ndoo nzima."

Nikamgeukia wifi yangu, nikingoja angalau yeye aone haya.

"Ndoo ya lita kumi," akauliza Mwanamvua, "au ya ishirini?"