Bluu ya Picha ya Arobaini na Moja

Mdogo wangu nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Kwa hiyo siku bosi alipompa yeye kiti cha kuongoza mwanga, nilimaliza siku tatu bila kumsalimia. Watu wakasema nina wivu. Waseme. Miaka kumi na tisa nimekaa mbele ya skrini nikiwasha taa ambazo hazipo, kwenye matangazo ya sabuni, ya soda na ya betri, halafu binti niliyemfuta kamasi ndiye anayeambiwa akague kazi yangu.

Studio yetu iko juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira inapanda ngazi asubuhi na haishuki tena. Madirisha yana mapazia meusi ili rangi zisidanganywe na jua, na kompyuta zote sita zimebandikwa majina kwa karatasi. Yangu inaitwa Mzee. Wanadhani sijui ni nani wanayemsema.

Tulikuwa tunamalizia katuni ya televisheni kuhusu muuguzi wa gari la wagonjwa. Tulipewa sehemu moja tu ya majaribio. Ikipita kwa mkaguzi wa kituo, zingefuata nyingine kumi na mbili. Bosi alituita sote akasema, "Mwanga ukikataliwa, kiongozi wa mwanga anatoka kwenye kile kiti siku hiyohiyo. Sitaki hadithi."

Picha ya arobaini na moja ilikuwa yangu. Muuguzi anashuka garini, anamwinamia majeruhi, na taa ya bluu ya gari inampiga usoni. Niliitengeneza kwa njia yangu ya siku zote: bluu safi, nyekundu sifuri, kijani sifuri. Nilipoona haing'ai vya kutosha nikaongeza nguvu ya taa. Mia moja, mia tatu, mwishowe mia tisa. Nikaridhika, nikaenda kunywa chai.

Nilipofungua picha hiyo wiki iliyofuata, muuguzi alikuwa mweupe kama aliyetumbukia kwenye gunia la unga.

"Nani kagusa taa yangu?" nikapaza sauti.

"Hakuna aliyegusa taa yako, Kaka," mdogo wangu akajibu bila kugeuza shingo. "Nimebadilisha mtazamo wa filamu nzima. Niliwaandikia wote. Wewe husomi."

Mtazamo ndio kanuni inayoutoa mwanga ndani ya kompyuta na kuuweka kwenye skrini. Ndani ya kompyuta mwanga hauna dari, taa inaweza kuwa kali kama jua. Skrini ina dari, tena iko chini sana. Mtazamo wa zamani, tulioutumia miaka yote, ulikuwa unakata tu: rangi ikizidi, inakatwa palepale, kila moja kivyake. Mimi niliuzoea kama kiatu changu.

"Rudisha wa zamani," nikamwambia.

"Sirudishi."

"Umemmwagia muuguzi chokaa usoni, unaniambia hurudishi?"

Hapo akageuka. Ana tabia ya kuongea polepole akikasirika, na hilo huniudhi kuliko angepiga kelele.

"Kaka, kila nukta ya skrini ina vitaa vitatu. Chekundu, cha kijani, cha bluu. Cha bluu kikijaa, kimejaa, hakuna bluu zaidi ya hapo. Na katika vyote vitatu, cha bluu ndicho chenye mwanga hafifu kuliko wenzake. Ukitaka kuonyesha kitu kikali zaidi utafanyaje? Lazima wale wawili wasaidie. Wote watatu wakijaa, hiyo ndiyo nyeupe. Hakuna kingine."

"Mimi sikuweka nyekundu. Sikuweka kijani."

"Ndiyo shida yenyewe. Uliweka sifuri. Sifuri hata uizidishe mara mia tisa inabaki sifuri. Kwa mtazamo wa zamani taa yako isingekuwa nyeupe hata ungeipa nguvu ya jua. Ndiyo maana ulikuwa unaongeza, unaongeza, na huoni kitu. Huu mpya unaanza kwa kuzichanganya rangi kidogo, bluu inawagawia jirani zake, halafu unazibana zote taratibu. Taa ya wastani inabaki bluu. Ikizidi inapauka kidogokidogo mpaka nyeupe. Haukuharibu picha yako, umeonyesha ulichokiwasha."

Vijana wawili wa uhuishaji walikuwa wameacha kazi wanatusikiliza. Mmoja akacheka puani. Damu ikanipanda.

"Bluu ni bluu," nikasema. "Mtoto wa miaka mitatu anajua."

Akanionyesha simu yake. Alikuwa amepiga picha gari la wagonjwa barabarani, taa zikiwaka. Katikati ya taa palikuwa peupe kabisa, bluu ilikuwa pembeni tu, kama ukingo wa sahani.

"Simu mbovu," nikasema.

"Na macho yako nayo? Ndani ya jicho bluu haigusi chombo kimoja tu. Mwanga ukizidi, vyote vinaguswa, vyote vinajaa. Hata moto wetu wa picha ya kumi, ulipaswa kuwa wa rangi ya chungwa, kwa mtazamo wa zamani ukawa njano tupu. Nyekundu iligonga dari ikasimama, kijani ikaendelea kupanda. Mkaguzi aliulalamikia mwezi uliopita, umesahau?" Akashusha sauti. "Punguza taa yako, Kaka. Hiyo tu. Punguza, utaona inavyopendeza."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," nikamwambia, nikaondoka na kikombe changu.

Sikupunguza. Nitasema ukweli kwa sababu hakuna faida tena ya kuuficha: siku ya kutoa picha za mwisho, kazi ya kuzitoa ilipita kwenye kompyuta yangu. Mwanga ghafi ulikuwa umehifadhiwa mzima, bado haujabanwa. Ilibaki kuchagua mtazamo na kubonyeza. Picha zote nikazitoa kwa mtazamo wake mpya. Ya arobaini na moja nikaitoa kwa wa zamani. Nilitaka mkaguzi aisifu bluu yangu mbele ya watu, ndipo niseme, mnaona?

Mkaguzi alikuja saa tatu asubuhi. Mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyekaa bila kukaribishwa na kukataa maji. Tulikuwa watu kumi chumbani. Mdogo wangu alikaa kwenye kile kiti, mikono mapajani, macho mekundu kama ya aliyeamka mapema mno. Alinitazama mara moja tu, picha zilipoanza.

Arobaini za kwanza mkaguzi alitikisa kichwa kukubali. Moto wa picha ya kumi akauangalia mara mbili, akasema, "Sasa huu ni moto." Ikaja yangu.

"Simamisha hapo," akasema.

Kwenye skrini kubwa ya ukutani, mbali na Mzee wangu, niliiona kama mtu aliyeingia kutoka nje. Uso wa muuguzi ulikuwa kiraka cha bluu. Pua haikuonekana. Shavu na paji la uso vilikuwa kitu kimoja, na ule weupe wa jicho ulikuwa umezama katika bluu ileile. Ungeweza kuukata uso ule kwa mkasi ukaubandika kwenye daftari.

Mkaguzi akaomba kipimo cha rangi, ule mchoro wenye mstari mmoja kwa kila rangi. Mstari wa bluu ulikuwa umenyooka umegandana na dari. Mwekundu na wa kijani, kwenye uso mzima, ilikuwa imelala sakafuni.

"Mtoto atamwona nani hapa?" akauliza. "Huyu ndiye shujaa wenu, mmemfuta uso. Nyingine zote zina mtazamo mmoja, hii ina mwingine. Nani alichagua?"

Chini mtu alikuwa anagonga tairi kwa nyundo. Mdogo wangu hakumtazama mkaguzi, wala bosi. Alinitazama mimi, akasubiri. Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi tatu au nne hivi.

"Kiongozi wa mwanga ni yeye," nikasema.

Sikusema uongo hata neno moja. Ndivyo nilivyojiambia wakati ule.

"Ni kweli," mdogo wangu akasema. "Kiongozi ni mimi."

Bosi hakungoja hata mkaguzi ashuke ngazi. Alimwambia mdogo wangu akusanye vitu vyake, akamwambia kwamba kuwa mdogo wangu si kinga. Halafu akanigeukia. "Wewe una uzoefu. Kaa pale. Mkaguzi anataka arobaini na moja saa nane." Mdogo wangu akachukua sweta yake na kikombe. Alipita karibu yangu hadi mkono wake ukanigusa.

Nikakaa kwenye kiti nilichokitaka miezi saba. Kilikuwa bado na joto.

Nikafungua folda ya picha ya arobaini na moja niipunguze taa. Nikakuta faili nisilolijua, la siku ileile tuliyogombana. Nikalifungua. Taa ya gari ilikuwa nyeupe katikati na bluu ikiuzunguka weupe ule, kali hadi nikajikuta nimekunja macho. Uso wa muuguzi ulikuwa na bluu ya kila namna, nzito chini ya kidevu, iliyopauka kwenye ncha ya pua, na ndani ya kila jicho nukta moja nyeupe. Alionekana anaogopa. Mwaka mzima wa kumtengeneza sikujua kama yule muuguzi anaogopa. Pembeni palikuwa na maelezo mafupi: *Nguvu ya taa 14. Ukiipenda, Kaka, itume iwe yako.*

Chini yake kompyuta ilikuwa imeandika nani alilifungua mara ya mwisho, na lini. Mdogo wangu, leo, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Faili la pili lililofunguliwa dakika ileile lilikuwa langu, lile lililotolewa kwa mtazamo wa zamani, na jina la kompyuta iliyolitoa likiwa juu yake: Mzee.

Nilimfuata bosi ofisini nikamweleza yote. Akanisikiliza akiwa anatafuta chaja yake. "Yaliyopita si ndwele," akasema. "Tuma hiyo nzuri. Kiti kaa nacho, sina muda wa kubadilisha watu kama soksi."

Nikaituma, kisha nikampigia mdogo wangu. Akapokea mara ya tano.

"Uliona mapema," nikasema. "Ungeibadilisha."

"Kwa dakika mbili."

"Mbona hukubadilisha?"

"Nilitaka kujua kama utasema."

"Nimesema. Sasa hivi nimetoka kumwambia bosi."

"Umemwambia bosi mlango ukiwa umefungwa," akasema, polepole. "Yule mama aliuliza mbele ya watu kumi."

Akakata. Nilimpigia tena jioni, akapokea mama yetu, akasema mdogo wako amelala, na nikasikia sauti yake nyuma akiomba chumvi.

Ripoti ya kituo ilikuja Ijumaa. Sehemu kumi na mbili zimekubaliwa. Bosi ameichapisha akaibandika mlangoni, kila anayepanda ngazi aisome. Mstari wa mwisho unasema kwamba picha ya arobaini na moja ndiyo bora katika filamu nzima, na kwamba kituo kinampongeza kiongozi mpya wa mwanga.