Marcel Alizoea Kula

Mimi Vumilia sina moyo wa kusamehe, na sitaki kujifanya ninao. Marcel alimponda mdogo wangu Wiliam vidole vitatu kwa nyundo ya kuvunjia mawe, hapa hapa Katoro, kisa Wiliam kamfunga chesi mbele ya wachimbaji wenzake. Kesi ikalala polisi miezi minne. Marcel akaniambia kwa dharau tucheze: nikimfunga, ataenda mwenyewe kituoni kukiri, akinifunga, naifuta kesi. Watu wa kijiwe cha gereji wakawa mashahidi. Nikakaa.

Alinitandika vibaya mwanzoni, mpaka Wiliam akainamisha kichwa. Tulikulana kete kubwa karibu zote, kila mmoja akabaki na mfalme, ngome mbili na askari wake. Nikazipanga ngome zangu moja nyuma ya nyingine kwenye safu iliyo wazi, hazina askari mbele. Nilitaka kuingia mstari wa saba, nyumbani kwa askari wake. Lakini ngome yake moja ililinda mlango huo kutoka pembeni, na nyingine ilikaa kando ya mfalme. Hapakuwa na njia.

Sasa, Marcel ni mtu wa drafti. Amekulia kwenye vizibo vya soda, na kwenye drafti kete ikiachwa, lazima uile. Mkono umezoea. Nikamwachia askari wa pembeni, bure kabisa.

Wiliam aliguna. Marcel akacheka, akala kwa ngome ile ile iliyokuwa inalinda.

Ngome yangu ya mbele ikaingia mstari wa saba. Akala wa pili. Nikaisogeza pembeni, palepale mstarini, akala wa tatu. Ngome yangu nyingine ikapanda ikasimama jirani yake. Akala wa nne, mjinga yule, huku akihesabu askari wangu kwa sauti.

Nikala askari aliye mbele ya mfalme wake. Cheki. Mfalme hakuweza kuila ngome, ngome yangu nyingine iliilinda, akakimbilia pembeni. Nikala askari wa mwisho aliyemkinga. Cheki. Akarudi alikotoka, na ngome yake mwenyewe imemzibia njia.

Hapo akaona amekwisha. Akanishika mkono wa kulia, akaukandamiza kwenye ukingo wa meza, akainua chupa ya bia akaishusha. Nilisikia kidole kikivunjika. Nilipiga kelele, sitaficha. Akaishusha tena, damu ikatapakaa ubaoni. Abel, fundi wa gereji, na vijana wake wakamrukia, wakampiga mpaka akalala kwenye mafuta machafu.

"Mwacheni aangalie," nikasema.

Wakamshika nywele, wakamwinua uso. Meza ilikuwa imepinda lakini kete zilikuwa zimesimama. Nikaichukua ngome ya pili kwa mkono wa kushoto, nikaiweka mbele ya mfalme wake: cheki, na hana pa kukimbilia.

Wiliam akanifunga kidole kwa khanga, kwa mkono wake mbovu, tukampeleka Marcel kituoni tukiwa mashahidi thelathini.