Mgongo wa Paulo

Paulo alimpiga mpwa wangu Gabrieli rungu la mdomo kabla hata hajapiga hodi. Meno mawili yalianguka uani kwetu Masanze, mchana kweupe. Yote hayo kwa sababu ya kifua cha Upendo.

Upendo, dada yake Gabrieli, alikuwa mwali wangu. Mimi shangazi yake ndiye niliyemweka ndani, na siku chache tu zilibaki aolewe na Casmir, mdogo wake Paulo. Watu wao ni wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa. Enzi zile za ruksa maduka ya Dumila yalifurika vitu vya nje, basi wakwe wakajitutumua, wakaleta kopo kubwa la mafuta mazito yanayonukia. Mila yao mwali anapakwa mafuta ya upande wa mume, nami nikampaka asubuhi na jioni, kajifunika mashuka, jasho likimtoka.

Mabaka alikuwa nayo tangu palizi, kifuani na mgongoni, pale kanga isipofika. Kila jua lilivyomkoza weusi ndivyo yalivyoonekana. Kule ndani yakaongezeka, yakaungana. Mama yao akina Casmir alipokuja kumtazama mwali, akapiga yowe.

"Mbalanga! Kama bibi yao!"

Kweli, marehemu bibi yao Upendo na Gabrieli alikuwa na mbalanga, mikono na midomo myeupe kama maziwa. Mwanamke yule alizaa, akalima, akazika waliomcheka. Lakini nani angesikiliza? Kesho yake Paulo akaja kuchukua ng'ombe wa mahari, na Casmir nyuma yake.

Gabrieli alipoinuka, damu ikimchuruzika, Casmir akamkamata mikono kwa nyuma. Nilimwona kwa macho yangu haya. Akamshikilia shemeji yake, na kaka yake akazidi kutwanga, mbavu, tumbo, mbavu tena. Upendo alitoka ndani akipiga kelele, "Casmir, mwachie! Mwachie, utamuua!" Casmir hakumtazama.

Mimi si malaika. Nilichukua mchi wa kinu nikaushusha kwenye mkono wa Paulo. Ulivunjika kwa mlio niliousikia vizuri, na sitasema uongo, nilifurahi.

Tulipandishwa wote kwenye lori moja la mkaa hadi kituo cha afya Mikumi. Gabrieli alikuwa akitema damu njia nzima, Paulo akiguna kila shimo.

Mganga, Melkizedek, alimhudumia Gabrieli kwanza. Alipomfikia Paulo akachukua mkasi akalikata shati, maana mkono ulikuwa haukunjiki. Akamgeuza. Nikamwita Upendo aje aone.

Mgongo wote wa Paulo ulijaa mabaka, yaliyopauka vilevile, yenye magamba vilevile. Mke wake sijui alikuwa anaangalia nini!

"Daktari," nikasema, "mtu huyu naye ana mbalanga?"

"Mbalanga? Nani kasema?" Akachukua kipande cha kioo, akakwangua baka taratibu kwa ukingo wake. Unga mwembamba ukadondoka. Akaomba ruhusa, akakwangua na kifua cha Upendo. Ukadondoka unga uleule. Akaenda kwenye hadubini, akarudi akitikisa kichwa.

"Utangotango wote wawili. Mbalanga ni nyeupe pee na laini, haibanduki magamba, na haimwambukizi mtu. Hii ni fangasi. Anakaa kwenye ngozi ya kila mtu, mimi na wewe, ila akipata jasho na mafuta anastawi. Jua halimzidishi. Linakoza ngozi iliyo nzima, mabaka yanabaki nyuma." Akamtazama Upendo. "Acha mafuta hayo, binti. Utapaka dawa, fangasi atakufa. Rangi itachelewa, miezi kadhaa, lakini itarudi."

Paulo aligeuzia uso ukutani.

Casmir ndiye aliyefurahi. Alimsogelea mchumba wake, meno nje, damu ya Gabrieli ingali imemkaukia kwenye mkono wa shati.

"Umesikia, Upendo? Si mbalanga! Ng'ombe watabaki kwenu. Shangazi, tusameheane, arusi iendelee."

Nilifungua mdomo nimtukane. Upendo akanishika mkono.

"Na ingekuwa mbalanga, Casmir?"

Casmir akamgeukia kaka yake, akingoja aambiwe la kujibu.

Upendo alifunga vifungo vya blauzi yake kimoja kimoja, akaenda kukaa kando ya kitanda cha Gabrieli. Ng'ombe wao tuliwarudisha wenyewe, kabla hawajaja kuwadai tena.