Matone Arobaini na Manne

Hesabu ilikuwa sahihi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonitesa zaidi. Kama ningekosea kuzidisha ningejilaani, nikalia, yakaisha. Lakini nilizidisha vizuri, nikagawanya vizuri, na mtoto akakaribia kufa.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa uuguzi, nimepelekwa kwa mafunzo ya vitendo kwenye kituo cha afya upande wa Ngenge, Muleba. Mimi ni mtoto wa mjini Bukoba, na darasani nilikuwa yule mwanafunzi anayenyoosha mkono kabla swali halijaisha. Kukokotoa dozi kulikuwa ndiyo sifa yangu. Wenzangu waliniita Kikokotoo, nami nilijifanya sipendi.

Asubuhi ile Ephrasia, mkulima wa kahawa na migomba, alimleta mwanawe Protase, wa miaka miwili na nusu. Malaria kali. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, damu gramu nne nukta moja. Hakuweza kunywa wala kunyonya chochote. Tabibu wetu, Haruni, alimwanzishia sindano ya malaria, akaagiza dripu ya sukari na chumvi ya kumshikilia, kisha akaanza kupiga simu kutafuta damu. Hospitali ya wilaya haikuwa na kundi lake. Bukoba damu ilikuwepo, wakasema wataandaa damu nzima, mililita mia mbili na arobaini, lakini gari la wagonjwa lilikuwa safarini na lingerudi saa sita.

Mimi nilipewa dripu. Protase alikuwa na kilo kumi na mbili. Kilo kumi za kwanza, mililita nne kwa kila kilo, ni arobaini. Kilo mbili zilizobaki, mililita mbili kwa kila moja, ni nne. Jumla mililita arobaini na nne kwa saa. Na hapo ndipo palipo na njia ya mkato ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi huipenda: mpira wa dripu wa watoto hutoa matone sitini kwa mililita moja, na saa moja ina dakika sitini, kwa hiyo sitini inaifuta sitini. Mililita kwa saa ndiyo matone kwa dakika. Huhitaji hata kalamu. Matone arobaini na manne.

Tulifundishwa kutojiamini. Kadiria kabla ya kukokotoa. Ukipata jibu, lirudishe nyuma uone kama unafika ulipoanzia. Mpe mwenzako akokotoe peke yake bila kuona jibu lako. Kisha bandika utepe wa plasta kwenye chupa, uandike maji yanapaswa kuwa wapi kila saa, ili chupa yenyewe ikuambie kama umekosea. Nilikadiria, ikakubali. Nikarudisha hesabu nyuma, ikakubali. Nikaenda kwa Sista Elieth, muuguzi wa zamu, ambaye tangu alfajiri alikuwa anahudumia wodi mbili na chumba cha kujifungulia.

"Umepata ngapi?" aliniuliza, mikono ikiwa kwenye glovu.

"Arobaini na nne, Sista."

"Sawa." Akavua glovu moja, akatia saini chini ya saini yangu.

Utepe sikubandika. Plasta ilikuwa kwenye toroli la vidonda upande wa pili wa wodi, nikaona ni mbali. Nilishika saa, nikahesabu matone dakika nzima, nikakaza na kulegeza gurudumu la kudhibiti maji mpaka yakawa arobaini na manne kamili. Nilijiona fundi. Kisha nikaitwa chumba cha kujifungulia, na nikabaki huko saa mbili.

Niliporudi nilimsikia Protase kabla sijamwona. Alikuwa anakohoa kikohozi chenye maji. Pua zilikuwa zinatanuka, mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa. Niliitazama chupa. Iliyokuwa na mililita mia tano ilipaswa kuwa juu ya alama ya mia nne. Maji yalikuwa chini ya nusu.

Nilifunga dripu. Hapo tu ndipo nikakitazama kichupa kile kidogo ambamo matone hudondoka. Mpira wa watoto huwa na sindano nyembamba ndani yake, ndiyo inayotengeneza matone madogo. Hapakuwa na sindano. Ulikuwa mpira wa watu wazima, matone ishirini kwa mililita. Mipira ya watoto ilikuwa imeisha stoo tangu Ijumaa, na Sista Elieth alifunga kilichokuwepo, kama wanavyofanya kituoni siku zote, wakijua wenyewe kwamba hesabu inabadilika. Yeye alijua. Ila hakukokotoa, aliniuliza tu jibu. Nami nilihesabu matone kwa dakika nzima huku nikiyaangalia, nisione kwamba ni makubwa. Yalipaswa kuwa matone kumi na matano. Nilimpa mtoto maji mara tatu ya aliyopaswa kupata.

Hata kule kurudisha hesabu nyuma kulikuwa ni kujidanganya. Nilianza na sitini nikarudi na sitini. Hesabu haikuwa na namna ya kujua nimeshika mpira gani.

Tulimwinua kichwa, tukamwekea oksijeni. Haruni aliagiza furosemide ya kutoa maji, miligramu moja kwa kilo. Safari hii Sista Elieth alinigeuzia mgongo, akaandika yake, nami nikaandika yangu. Miligramu kumi na mbili, chupa ina kumi kwa mililita, basi mililita moja nukta mbili. Tulikuwa sawa. Akalichukua bomba la sindano akachoma yeye.

Gari lilipofika, pumzi za Protase zilikuwa sitini na nne kwa dakika. Sista Elieth asingeweza kuondoka, hakukuwa na mwingine wa kumwachia wodi, na Haruni alikuwa na mama anayetoka damu. Ningekwenda mimi. Sista aliniita kando nijaze fomu ya rufaa. Nilipofika mahali pa maji aliyopewa mgonjwa, kalamu ilisimama.

"Andika themanini na nane," alisema. Arobaini na nne mara mbili, kama ilivyoagizwa.

Nilimtazama. Sikumchukia, na hilo nalo liliniuma. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ana miaka ishirini na sita kazini, kwamba saini mbili ziko pale, kwamba mimi sitahitimu na yeye atapoteza pensheni, na kwamba mtoto anakwenda kwa madaktari ambao watamwona wenyewe kwa macho. Alisema yote hayo kwa sauti ya chini, akiwa ameushika mkono wangu kama dada. Niliandika themanini na nane. Sina cha kujitetea. Niliogopa nikaandika.

Njiani nilikaa nimekishika kinyago cha oksijeni usoni pa Protase, mama yake akiwa amempakata. Barabara ya vumbi ilitutikisa hadi Muleba, kisha lami. Kila alipokohoa nilihesabu pumzi zake. Ephrasia alikuwa anasali rozari kwa Kihaya, bila sauti, midomo tu. Kabla hatujaondoka aliniambia kwamba aliona maji yanashuka haraka akafurahi, akajua mwanawe anapata nguvu upesi. Alinishukuru. Alinishukuru mara mbili.

Karibu na Kemondo, ziwa lilipoanza kuonekana, kichwa changu kilianza kukokotoa chenyewe. Damu nzima mia mbili na arobaini ilikuwa inasubiri. Daktari atasoma themanini na nane, ataijumlisha, atapata mia tatu ishirini na nane, ataona mtoto anaweza kuvumilia. Lakini ukweli ni mia mbili sitini na nne. Ukiongeza damu ni mia tano na nne. Mtoto wa kilo kumi na mbili ana damu ya mililita kama mia tisa na sitini mwili mzima. Nilikuwa nampeleka akamaliziwe, na fomu iliyokuwa mapajani mwangu ndiyo ingemmaliza. Kikohozi chake daktari angeweza kukiita nimonia. Malaria yenyewe huleta pumzi za namna ile. Hakuna jicho ambalo lingeona mililita mia moja sabini na sita zilizofichwa.

Niliipiga themanini na nane mstari mmoja, isomeke bado, kama tulivyofundishwa. Pembeni nikaandika 264, mpira wa matone ishirini, kosa langu, jina langu, saa nane na dakika kumi. Sikuandika jina la Sista. Saini yake ilikuwepo, ajieleze mwenyewe.

Kisha nikamwambia Ephrasia. Hilo lilikuwa gumu kuliko fomu. Nilimwambia maji uliyoyaona yakishuka haraka, mama, hayakupaswa kushuka hivyo. Ni mimi niliyeyaachia. Yamejaa kifuani ndiyo maana anapumua vibaya.

Rozari ilisimama mkononi mwake.

"Hukujua kuhesabu?" aliuliza.

"Nilijua, mama."

Aliugeuza uso wake dirishani, akamvuta mtoto karibu na kifua chake, mbali nami kadiri bomba la oksijeni lilivyoruhusu.

Hospitalini Daktari Rutaihwa alitupokea mlangoni. Damu nzima ilikuwa tayari, imening'inia, mpira umeshapitishwa. Nilisimama mbele yake na fomu nikamwomba asome kwanza sehemu ya maji. Alisoma. Alisoma tena kilichokatwa na kilichoandikwa pembeni. Akaweka sikio kwenye kifua cha Protase, akaishusha ile chupa ya damu mwenyewe, akairudisha maabara. Aliomba chembe nyekundu za damu peke yake, bila majimaji yake, mililita mia moja na ishirini, kwa saa nne, na furosemide nyingine. Kwangu alisema neno moja tu, kwamba barua itakwenda chuoni. Niliitikia.

Muuguzi wa pale alisoma pakiti ya mpira wa damu kwa sauti, matone ishirini kwa mililita. Aliandika jibu lake, nami nikaandika langu kwenye karatasi nyingine, tukazigeuza pamoja. Mililita thelathini kwa saa, matone kumi kwa dakika. Daktari akakokotoa la tatu. Plasta ilibandikwa kwenye mfuko, saa zikaandikwa. Wodi ilikuwa imejaa, muuguzi alikuwa mmoja, kwa hiyo daktari aliniambia nikae nihesabu matone kila robo saa na pumzi kila mara nikimaliza matone.

Nilivuta kiti. Ephrasia alivuta kingine upande wa pili wa kitanda.

"Na mimi nitahesabu," alisema.

Muuguzi alimweleza kwa upole kwamba hakuna haja, mwanafunzi anatosha. Ephrasia alinitaka nimwoneshe saa yangu, dakika inaanzia wapi na inaishia wapi. Nikaivua nikaiweka kitandani katikati yetu.

Tulihesabu. Mimi kimoyomoyo, yeye kwa Kihaya, kidole kikigonga ukingo wa kitanda kwa kila tone. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini ningepoteza hesabu, nayo ilikuwa ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha kumpa. Mshale ulipomaliza mzunguko alisema, "Ikumi." Nami nilikuwa na kumi. Pumzi zilikuwa hamsini na nane.

Nikaandika. Nikasema tusubiri robo saa, ndivyo daktari alivyoagiza.

Ephrasia hakuondoa macho kwenye matone.

"Tena," alisema.